Hivi kumbe nguzo za mawe zilisimamishwa kabla watu hawajajua kulima? Nani alitangulia, shamba au ibada?

#1 MchimbaChumvi
Habari wakuu. Nina jambo linanisumbua tangu juzi. Sisi shuleni tulikaririshwa hivi: binadamu alikuwa anawinda na kuchuma matunda, akaja kugundua kilimo, akapata chakula cha kubaki, akatulia kijijini, ndo wakapatikana watu wa kukaa bila kulima, yaani makuhani na wafalme, na hao ndo wakajengesha mahekalu. Sasa kuna kilima huko kusini mashariki mwa Uturuki karibu na mji wa Urfa kinaitwa Göbekli Tepe, kuna maduara ya nguzo za mawe zenye umbo la herufi T, zimechongwa mbweha, nyoka, nguruwe mwitu, nge, tumbusi, na umri wake ni kama 9500 KK. Piramidi za Misri zimekuja miaka karibu 7000 baadae! Na waliojenga walikuwa wawindaji, hawana ng'ombe wala shamba. Je tuseme dini ndo ilileta kilimo na sio kilimo kuleta dini? Karibuni.

#2 Kibuyu_cha_Asali
Göbekli Tepe maana yake kilima chenye kitambi, nimeangalia. Kwa hio hata kabla ya kilimo vitambi vilikuwepo, mke wangu aache kunisumbua.

#3 DarubiniYaKale
Uzi mzuri. Mimi haya mambo ndo nilisomea ingawa sasa hivi nauza vifaa vya umeme.

Kwanza nikupe picha ya duara moja tu, wenyewe wameliita D, maana ndo limehifadhika kuliko yote. Ni ukuta wa mawe wa duara, ndani ya ukuta zimepachikwa nguzo kuzunguka zinatazama katikati, na katikati zimesimama mbili kubwa kila moja mita 5 na nusu hivi, uzito unakadiriwa tani 8 mpaka 10. Hizo mbili ukizitazama kwa ubavu utaona mikono imechongwa inashuka pembeni, imekunjwa kiwiko, vidole vinakutana mbele juu ya mkanda, na chini ya mkanda inaning'inia ngozi ya mbweha kama kibwebwe. Yaani T sio herufi, ni MTU. Kile kipande cha juu ni kichwa. Ila hawana macho, mdomo wala pua. Na sio kwamba walishindwa kuchonga sura, kuna sanamu ya mwanaume ilipatikana Urfa mjini, ya kama mita 1.8, ina macho ya mawe meusi yanakutazama kabisa. Kwa hio zile nguzo waliamua zisiwe na sura.

Umejuaje hawakufuga? Mifupa. Imetoka mifupa mingi mno na yote ni ya wanyama pori, swala wengi sana, ng'ombe pori, punda mwitu, nguruwe mwitu. Mnyama akifugwa vizazi vingi umbile linabadilika, mwili unapungua, na umri wa wanaochinjwa unakuwa na mpangilio maana unachinja madume machanga unabakiza majike. Pale hakuna hicho.

#4 Simba_wa_Nzega
Mkuu #3 umesahau la muhimu. Aliyechimba, Mjerumani Klaus Schmidt, alianza 1995 na alisema wazi pale hakuna aliyeishi, hakuna maji, hakuna nyumba, ilikuwa ni sehemu ya kuhiji tu, watu wanatoka mbali wanakutana wanajenga wanakula wanaondoka. Kazi ikiwa kubwa lazima uwalishe watu wengi, ukiwalisha wengi swala hawatoshi, ndo wakaanza kupanda ngano. Na mwisho wakalifukia wenyewe kwa heshima kama unavyozika mtu. Kwa hio jibu la mleta uzi ni NDIYO, ibada kwanza shamba baadae. Uzi ufungwe.

#5 Kibuyu_cha_Asali
Uzi ufungwe na posti 4? We umekuja kufunga duka au kuchangia.

#6 DarubiniYaKale
#4 uko sawa kwamba Schmidt alisema hivyo, na alikuwa mtu makini, hapo kabla timu ya 1963 ilipita pale ikaona vipande vya mawe ikadhani ni makaburi ya juzi juzi, yeye alifika 1994 akatambua maana alishachimba Nevalı Çori ambako nguzo za T zilikuwepo (sasa hivi iko chini ya maji ya bwawa la Atatürk). Ila alifariki 2014 na mengi yamebadilika.

Walipokuwa wanachimba mashimo ya misingi ya lile paa kubwa la kuhifadhi, wakateremka chini sana sehemu ambazo hawakuwahi kugusa, wakakuta nyumba. Nyumba za kawaida, ndogo, zina jiko, takataka za kutengeneza zana, na baadhi ni za wakati ule ule wa maduara makubwa. Na hilo la maji, kuna mabirika yamechongwa kwenye mwamba na mifereji ya kuongoza maji ya mvua. Kwa hio "hakuna aliyeishi" imekufa au imebaki inapumua kwa shida.

Na kufukia nako kuna tatizo. Kifusi kilichojaa kwenye maduara kina mifupa, vipande vya gumegume na mawe ya kusagia vimechanganyika ovyo, na maduara yako bondeni chini ya nyumba zilizo kwenye mteremko. Wachimbaji wa sasa wanasema mteremko ulikuwa unaporomoka, inawezekana mara kadhaa, na kuna kuta zinaonekana zilirekebishwa baada ya kuporomokewa. Hii inavuruga hata tarehe, maana mkaa ukiuokota kwenye kifusi hujui ni wa lini, unaweza kuwa mkongwe umeshuka toka juu. Ndo maana tarehe zinazoaminika zaidi ni za udongo uliofinyangwa katikati ya mawe ya ukuta wenyewe.

#7 UstadhMpole
Assalaam alaykum. Urfa ndio mji wa Nabii Ibrahim, kuna bwawa la samaki watakatifu pale, wenyeji wanasema ndipo alipotupwa motoni moto ukageuka maji. Sasa nyinyi mnasema watu wa miaka elfu 11 nyuma, hapo si ndo yale masanamu aliyoyavunja?

#8 MchimbaChumvi
Ustadh nashukuru ila hapo umerukia zama. Hizo nguzo hata tukichukua hesabu yoyote ya wakati wa Ibrahim zilishafukiwa miaka elfu kadhaa kabla. Angepita juu yake angeona kilima tu.

#9 UstadhMpole
Sawa nimeelewa. Lakini kufanya masanamu kumbe ni kwa zamani.

#10 FundiJiwe_Tanga
Mi nataka kuongelea jiwe lenyewe, haya ya dini nawaachia. Babu yangu na baba walikuwa wanapasua mawe ya chokaa na mimi nimefanya miaka 9 kabla mgongo haujakataa. Mawe ya chokaa mara nyingi yamelala matabaka matabaka, kama godoro juu ya godoro. Ukijua tabaka lako lina unene gani umeshapata unene wa nguzo bure, unachora umbo juu yake, unachimba mfereji kuzunguka mpaka ufike kwenye maungio ya tabaka la chini, halafu unabenua kwa miti na kabari. Kazi ngumu sio kuchonga, chokaa ni laini, kazi ni KUBENUA bila kuvunja. Likiwa na ufa wa ndani usiouona unasikia tu kaa! umepoteza miezi.

Swali langu, hizo nguzo za tani 10 zimechimbiwa chini urefu gani?

#11 DarubiniYaKale
Fundi umeongea kama ulikuwepo. Chanzo cha mawe kiko hapo hapo kwenye uwanda, mita mia kadhaa tu, na mpaka leo kuna nguzo moja imelala kwenye mwamba haijabenuliwa, urefu kama mita 7, inakadiriwa tani 50. Zana zao ni gumegume.

Kuhusu kuchimbia, utashangaa. Kwenye duara D sakafu ni mwamba wenyewe uliosawazishwa, na wameacha vikalio viwili vimechongwa humo humo, kimojawapo mbele kina mstari wa ndege saba. Nguzo imekaa kwenye tundu fupi sana, halifiki hata robo mita.

#12 FundiJiwe_Tanga
Hapana. Nguzo ya mita 5 na nusu tundu lisilofika robo mita? Hiyo haisimami peke yake mwaka mzima. Lazima kulikuwa na kitu kinaishika juu. Hapo palikuwa na paa, boriti zinakaa juu ya hivyo vichwa, ndo maana vikawa vipana. Hiyo T sio mtu, ni nguzo ya nyumba!

#13 DarubiniYaKale
😄 Umeingia kwenye ugomvi wa kweli bila kujua. Kuna mtaalamu wa Kanada, Banning, mwaka 2011 alisema karibu hivyo hivyo, kwamba hizi ni nyumba kubwa zilizopambwa, zina paa, na sisi ndo tunalazimisha kuona hekalu kwa sababu kwetu nyumba na ibada vimetengana. Ila mikono na mkanda ipo fundi, huwezi kuifuta. Inaweza kuwa vyote, mzee wa ukoo ndiye anashikilia paa.

#14 Mama_Wawili_Mbezi
Samahani naingilia. Hiyo ya #13 mbona kwetu ipo, nyumbani kwa bibi kuna nguzo ya katikati hatukuruhusiwa kuiegemea wala kutundika nguo, tukiuliza tunaambiwa "hapo sio pako". Hakuna aliyeita hekalu, ni nyumba ya bibi na kuku wanapita. Mtu akija kuchimba baada ya miaka elfu 10 atasema nini?

#15 Simba_wa_Nzega
Atasema hekalu la kuku.

#16 Ulanzi_Mkavu
Wakuu mnazunguka, jibu ni pombe. Kuna vyombo vya mawe vikubwa kama hodhi, kikubwa kabisa kinaingia lita 160. Wachimbaji wenyewe mwaka 2012 waliandika kwamba huenda walikuwa wanachachusha nafaka. Watu hawabebi jiwe la tani 10 kwa sababu ya mahubiri, wanabeba kwa sababu jioni kuna kibuyu. Kwetu Iringa ukitaka kulimiwa shamba unaandaa ulanzi, bila hivyo utalima mwenyewe. Kwa hio walipanda ngano ili wapate pombe.

#17 DarubiniYaKale
Ulanzi nakukubalia nusu. Vyombo vipo na lita 160 ni kweli. Ila vipimo vya mabaki ndani yake vilitoa dalili tu, kuna chumvi fulani inayoachwa na nafaka ikichacha, lakini haikuwa ushahidi wa kumfunga mtu. Chenye nguvu zaidi ni mawe ya kusagia. Yamehesabiwa zaidi ya 7000, kuanzia yale makubwa ya chini mpaka yale ya kushika mkononi. Mwaka 2019 Laura Dietrich na wenzake walitoa utafiti, walitengeneza mawe kama yale wakasagia nafaka kweli, wakalinganisha jinsi uso wa jiwe unavyolainika na ule wa mawe ya kale. Jibu likawa walikuwa wanasaga nafaka, na nyingi kwa chenga, sio unga laini wa mkate. Chenga unapikia uji, au ndo unaanzia pombe.

Sasa angalia hapa kwenye swali la mleta uzi. Nafaka ile ilikuwa ya PORI. Ngano pori ikiiva masuke yanapukutika yenyewe, na pale punje ilipoachia panabaki kovu laini. Ngano ya shamba imezoea kusubiri mvunaji, haipukutiki, ukiipura inaacha kovu la kuchanika. Tatizo pale Göbekli Tepe nafaka zilizoungua zikabaki na umbo ni chache, wanategemea zaidi vichembe vya mchanga vinavyojengeka ndani ya majani ya mmea. Kwa hio walikuwa wanavuna kwa wingi bila kulima. Na ngano za shamba za jamii ya zamani kabisa, vinasaba vyake vinafanana zaidi na ngano pori za mlima Karacadağ ambao hauko mbali na pale. Ukisema sherehe za pale ndo zilisukuma watu kuanza kupanda, unaeleweka. Ila ukisema imethibitika, hapana.

#18 Ulanzi_Mkavu
Nusu inanitosha.

#19 Lokwang_Ziwani
Salamu kutoka Turkana. Naona hamjasema ya kwetu Kenya. Hapa magharibi mwa ziwa tuko na nguzo za mawe, watu huku husema ni watu walicheza ngoma wakageuka mawe, huitwa namoratunga. Hizo pia ni za wawindaji, za miaka elfu 5. Kwa hio hata sisi tulikuwa na Göbekli yetu.

#20 Kibuyu_cha_Asali
Wakageuka mawe wakiwa wanacheza! Hiyo ni ngoma nzito.

#21 DarubiniYaKale
Lokwang karibu sana, umri umepatia ila sio wawindaji, ni WAFUGAJI. Makaburi ya Lothagam Kaskazini, huko huko kwenu, yalianza kama miaka 5000 iliyopita wakati ziwa linasinyaa na mifugo ndo imeingia eneo hilo. Ni jukwaa la mita kama 30 wamezikwa watu humo, hesabu ya 2018 ilisema wasiopungua 580, wazee kwa watoto, wanaume kwa wanawake, na shanga na mapambo yamegawanyika karibu kwa wote, huoni mfalme. Kwa hio haijibu swali la kilimo, ila inajibu swali jingine. Tulikaririshwa kwamba kazi kubwa ya mawe lazima iwe na mtawala anayeamuru. Lothagam hakuna dalili hiyo, na Göbekli Tepe vile vile hakuna nyumba ya mkubwa wala kaburi la tajiri.

#22 Lokwang_Ziwani
Asante kwa kunirekebisha. Lakini ngoma nimepatia.

#23 MtuWaEyasi
Mimi nimekaa Mang'ola miaka mingi, majirani zangu ni Wahadzabe. Hawa wanawinda mpaka leo. Wana ibada, wanaita epeme, usiku wa giza mwezi haupo, mwanaume anacheza mmoja mmoja amevaa manyoya na njuga mguuni, na kuna nyama ya mnyama mkubwa ambayo ni ya wanaume waliokomaa tu, mwanamke au kijana akiigusa ni balaa. Asubuhi hukuti kitu. Hakuna jiwe, hakuna nguzo, labda majivu.

Kwa hio naona swali la uzi limekaa vibaya. Dini ya wawindaji haikuanza na nguzo, ilikuwepo, ila haiachi alama. Kitu kipya pale Uturuki sio dini, ni kwamba waliamua iwe ya jiwe.

#24 Simba_wa_Nzega
Hii imenikalia vizuri kuliko zote. Ila Wahadzabe wa leo sio picha ya watu wa 9500 KK, hawa wamesukumwa sehemu kame, wale walikaa sehemu imejaa swala na ngano inajiotea.

#25 DarubiniYaKale
#24 umeongea, nimefuta tabasamu nililokucheka kule #6. Na hapo kuna jambo tunachanganya, KUTULIA na KULIMA. Upande wa Palestina na Israeli wawindaji walikuwa na vijiji vya nyumba za mawe zaidi ya miaka elfu 2 kabla ya Göbekli Tepe, wanavuna nafaka pori. Kumbe unaweza kukaa mahali pamoja bila jembe. Na hata hilo wazo kwamba mawazo ya watu yalibadilika kwanza ndo shamba likafuata lilishasemwa na Mfaransa Jacques Cauvin kabla mawe haya hayajajulikana.

#26 Kimondo_77
Wote mmeachwa. Ile nguzo namba 43 yenye tumbusi na nge ni ramani ya nyota, inaonyesha kimondo kilichopiga dunia 10950 KK. Wahandisi wawili wa Edinburgh waliandika 2017. Ibada yote ilikuwa ya kuogopa mbingu.

#27 DarubiniYaKale
Nimeisoma. Jengo ambalo nguzo hiyo imo ni la kama 9500 KK, kwa hio wangekuwa wanakumbuka nyota za miaka elfu na ushee nyuma. Halafu kama fundi #12 yuko sahihi palikuwa na paa, unaangaliaje nyota? Wachimbaji wenyewe waliandika kuikataa. Na yule mtu asiye na kichwa chini pembeni wanamgeuza ishara ya maafa tu.

#28 Kimondo_77
Wachimbaji nao wana maslahi yao.

#29 Mama_Wawili_Mbezi
Ngoja, mtu asiye na kichwa?

#30 DarubiniYaKale
Ndiyo mama. Chini ya nguzo 43 kuna mwanaume hana kichwa, na juu kuna tumbusi ana kama mpira juu ya bawa, wengine wanasema ndo kichwa chenyewe. Halafu 2017 yalitangazwa mafuvu matatu ya watu, vipande, yamechanjwa mistari mirefu kwa gumegume kutoka mbele kwenda nyuma, moja limetobolewa tundu juu. Wanadhani yalitundikwa kwa kamba, ile mistari inazuia kamba kuteleza. Kwa hio kundi jingine linasema ni ibada ya wazee waliokufa, na zile nguzo zisizo na sura ndo wao. Shida ni mafuvu matatu tu, huwezi kujua ni mababu waliopendwa au ni maadui.

#31 Mama_Wawili_Mbezi
Na wanawake wako wapi? Mnaongea mbweha dume, nguruwe dume, mwanaume hana kichwa. Hayo mawe 7000 ya kusagia walisaga nani?

#32 FundiJiwe_Tanga
Hapo sasa!

#33 DarubiniYaKale
Swali zito. Wanyama wengi waliochongwa ambao jinsia inaonekana ni madume. Mwanamke ni nadra, kuna mchoro mmoja umekwaruzwa kwenye bamba la jiwe tena kwa namna ya kukosa adabu, na sio wa watu wa mwanzo. Wapo wanaosema maduara yalikuwa ya jando, kama epeme ya #23, wanaume wamefungiana. Karahan Tepe, kilomita kama 35 toka pale, kuna chumba kimechongwa kwenye mwamba kina nguzo 11 za umbo la uume na kichwa cha mtu kimetokeza ukutani kinaziangalia. Nani alisaga, mimi siwezi kukujibu kwa jiwe peke yake.

#34 Ulanzi_Mkavu
Chumba cha nini??

#35 Kibuyu_cha_Asali
Ulanzi amezinduka.

#36 Bandari_mpaka_Bosfora
Nimechelewa. Mimi nafuata mzigo Istanbul, mwaka jana nikapanda ndege mpaka Urfa kuangalia. Nawaambia ukifika kilimani huingii ndani, unazunguka juu kwenye njia ya mbao chini ya paa unachungulia, nguzo zinaonekana ndogo mpaka unajiuliza ndo hizi. Nenda makumbusho mjini, wametengeneza mfano wa duara D kwa ukubwa wake halisi unaingia mpaka katikati. Hapo ndo nywele zilinisimama, umesimama chini ya wale wawili wasio na sura na mikono yao iko usawa wa macho yako. Na yule wa macho meusi yupo humo humo.

Na mwongozaji alisema sehemu iliyochimbwa mpaka sasa ni ndogo sana, haifiki hata moja ya kumi.

#37 FundiJiwe_Tanga
Mkuu #36 ulivyokuwa ndani ya huo mfano, uliangalia kama vichwa vya nguzo za pembeni viko usawa mmoja na vya katikati? Maana kama za katikati ni ndefu zaidi basi paa lilikuwa na mwinuko, na maji ya mvua yalimwagika nje kwenda kwenye yale mabirika.

#38 Bandari_mpaka_Bosfora
Za katikati ni ndefu zaidi, hilo nina uhakika. Paa wao hawakuweka.

#39 FundiJiwe_Tanga
Nilisema mimi.

#40 DarubiniYaKale
Fundi hujashinda, boriti haijapatikana hata moja.

#41 FundiJiwe_Tanga
Mbao ya miaka elfu 11 unataka uikute wapi mkuu, kwa fundi seremala?